Mishale Inayoshika: Kuchora Mchakato wa Kifuta Jasho kwa Vijiji vya Tarime na Serengeti

Katika vijiji vya mkoa wa Mara vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuanzia Kegonga na Gibaso upande wa Tarime hadi Machochwe na Merenga katika wilaya ya Serengeti, tembo anayeingia usiku katika shamba la mahindi huacha nyuma yake si mabua yaliyovunjika tu bali pia safari ndefu ya karatasi, ambayo mwenye shamba huiona mwanzo wake na mara nyingi haioni mwisho wake. Safari hiyo huongozwa na kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nazo zinatambua malipo ya aina mbili: kifuta jasho, ambacho hutolewa kwa mazao au mifugo iliyoharibiwa na wanyama wakali na waharibifu, na kifuta machozi, ambacho hutolewa pale mtu anapojeruhiwa au kuuawa. Malipo yenyewe si fidia kwa maana ya kurudisha thamani yote iliyopotea, na majina hayo ya upole yenyewe yanaashiria hivyo. Makala hii inahusu namna ya kuuchora mchakato wa kifuta jasho cha mazao kwa kompyuta, ili ubandikwe katika ukuta wa ofisi ya kijiji na usomwe na mkulima aliyesimama mbele yake.

Mchoro wa namna hiyo huitwa kielelezo cha mchakato: kila hatua huwekwa ndani ya umbo, na mistari yenye mishale huonyesha hatua gani inafuata ipi. Ugumu wake hauko katika kuuchora mara ya kwanza, maana karani yeyote anayejua kutumia kipanya anaweza kupanga visanduku kumi na kuvichorea mistari katikati yake. Ugumu huja siku kanuni inaporekebishwa, au halmashauri inapoongeza saini moja katika fomu, kwa kuwa hapo visanduku vinapaswa kusogezwa, na kama mistari ilichorwa kama mistari ya kawaida, itabaki pale ilipokuwa huku visanduku vikiondoka. Mchoraji hulazimika kuikimbiza mmoja mmoja, na ule anaousahau hubaki ukielekeza kwenye kisanduku kisicho chake. Kielelezo chenye mshale mmoja uliopotoka ni kibaya kuliko kutokuwa na kielelezo kabisa, kwa sababu mkulima anayekifuata atapeleka karatasi mahali pasipohusika na atapoteza muda ambao kanuni imeuwekea mpaka.

Dawa ya tatizo hilo ni kiunganishi, yaani mstari maalumu unaoshika umbo moja kila upande na kuendelea kulishika hata umbo hilo likisogezwa. Tofauti kati ya mstari wa kawaida na kiunganishi haionekani kwa macho pindi mchoro unapokamilika, kwa kuwa vyote viwili huonekana kama mistari myeusi yenye vichwa vya mishale. Iko katika kile ambacho faili linakumbuka. Mstari wa kawaida hukumbuka mahali pawili kwenye ukurasa, kwa vipimo vya sentimita kutoka ukingoni. Kiunganishi hukumbuka maumbo mawili. Programu huru ya kuchorea iitwayo LibreOffice Draw huhifadhi kumbukumbu hiyo kwa maneno yanayosomeka, na mtu akifungua ndani ya faili lake ataikuta sehemu inayofanana na hii:

```
<draw:connector
  draw:start-shape="id3" draw:start-glue-point="2"
  draw:end-shape="id4"/>
```

Maneno hayo yanasema kwamba kiunganishi kinaanzia katika umbo la tatu na kuishia katika umbo la nne. Yanasema pia kwamba mwanzo wake umefungwa mahali mahsusi kwenye umbo la tatu, penye nukta namba 2, ilhali mwisho wake umeshika umbo la nne bila kuchagua mahali. Tofauti hiyo ndogo kati ya kushika nukta na kushika umbo zima ndiyo yenye kuamua kama kielelezo kitabaki safi baada ya marekebisho kadhaa, na itarejewa hapa chini kwa urefu.

LibreOffice Draw imechaguliwa kwa mfano huu kwa kuwa haina gharama ya leseni na hufanya kazi bila mtandao, jambo lenye uzito katika ofisi zilizo mbali na mji wa Tarime au Mugumu. Inafaa kukumbukwa kwamba programu ya ukoo huohuo iliwahi kutolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice mwaka 2004, kutokana na mradi wa Kilinux uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya LibreOffice kuchipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Hata hivyo kompyuta nyingi za ofisini huonyesha menyu kwa Kiingereza, kwa hiyo majina ya menyu yatatajwa hapa kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kabla ya kugusa kompyuta, mchakato wenyewe hauna budi kuandikwa kwa kalamu, hatua kwa hatua, pamoja na mtu anayeufanya kila siku. Kwa kifuta jasho cha mazao, mtiririko wake ukipunguzwa hadi mambo ya msingi ni huu: mkulima anagundua uharibifu, anatoa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, ofisi ya kijiji inapeleka taarifa halmashauri, afisa wanyamapori anafika shambani, anakagua na kupima eneo, fomu inajazwa na kupelekwa kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori katika Wizara ya Maliasili na Utalii, na malipo yanapoidhinishwa, yanamfikia mkulima. Ndani ya mtiririko huo kuna mahali ambapo njia hugawanyika. Kanuni za mwaka 2011 hazikutoa kifuta jasho kwa shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi, ziliweka viwango vinavyopanda kadiri shamba linavyokuwa mbali na mpaka, na ziliweka ukomo wa ekari 5 hata kama eneo lililoharibiwa ni kubwa zaidi. Kwa hiyo kuna maswali mawili ambayo jibu lake hubadilisha njia, na swali la tatu huongezwa na uzoefu wa ofisi yoyote: je, fomu imekamilika, au inapaswa kurudi?

Viwango vya shilingi kwa ekari havifai kuandikwa ndani ya visanduku. Hubadilika kwa maamuzi ya wizara bila hatua zenyewe kubadilika, na mchoro uliobeba takwimu hizo huchakaa haraka kuliko karatasi yake; ni afadhali kisanduku kiseme tu kwamba malipo yanakokotolewa kwa jedwali la viwango, na jedwali hilo libandikwe pembeni kama karatasi ya peke yake. Siku zilizowekwa kwa ajili ya kutoa taarifa, kwa upande mwingine, ziandikwe ndani ya kisanduku cha kutoa taarifa kwa tarakimu kubwa kama zinavyosomeka katika kanuni inayotumika, kwa sababu hizo ndizo zinazomhusu mkulima asubuhi ileile anapokuta shamba lake limevurugwa.

Draw ikishafunguliwa, ukurasa uwekwe kwanza katika ukubwa utakaochapwa, kwa kawaida A4 iliyosimama, kwa kupitia `Page > Page Properties`, maana mchoro uliopangwa kwa ukurasa mlalo kisha ukabanwa ndani ya ukurasa uliosimama huishia kuwa na maandishi yasiyosomeka hatua mbili kutoka ukutani. Kisha gridi iwashwe kwa `View > Grid and Helplines`, yaani mtandao wa nukta hafifu ambao maumbo hujipanga juu yake, pamoja na chaguo la `Snap to Grid` linalofanya kila umbo linapoachiwa livutwe hadi kwenye nukta iliyo karibu. Faida yake itaonekana kwenye viunganishi: visanduku viwili ambavyo vitovu vyake viko kwenye mstari mmoja wa wima huunganishwa kwa mstari ulionyooka, bali vikipishana hata kwa milimita moja, kiunganishi huvunjika katikati na kufanya kijigoti kidogo kinachoudhi macho.

Maumbo yanapatikana katika kundi liitwalo `Flowchart` kwenye upau wa vifaa vya kuchorea, na maana zake zimekubalika kimataifa katika kiwango cha ISO 5807 cha mwaka 1985. Manne yanatosha kwa kazi hii: umbo lenye ncha za mviringo kwa mwanzo na mwisho, mstatili kwa kitendo, almasi kwa swali lenye majibu mawili, na mstatili wenye ukingo wa chini uliopinda kama wimbi kwa karatasi au fomu. Mchoraji mwenye pupa huvutiwa na mengine zaidi ya 20 yaliyomo humo, lakini msomaji wa ukutani hana ufunguo wa kuyatafsiri. Maandishi ya kila hatua yaandikwe ndani ya umbo lenyewe, kwa kulibofya mara mbili na kuanza kuchapa, wala yasiandikwe katika kisanduku cha maandishi kilicholazwa juu ya umbo. Maandishi yaliyo ndani husafiri na umbo lake, na yale yaliyolazwa juu hubaki nyuma sawasawa na mstari wa kawaida.

Sasa viunganishi. Kifaa chake hukaa katika kundi liitwalo `Connectors`, nalo liko jirani kabisa na kundi la `Lines and Arrows`, na ujirani huo ndio chanzo cha makosa mengi, kwa kuwa mshale wa kundi la pili hufanana na mshale wa kundi la kwanza na huchorwa kwa mwendo uleule wa mkono. Kuna aina nne za viunganishi: kinachokunja kona kwa nyuzi 90, kilichonyooka kutoka umbo hadi umbo, chenye mkunjo karibu na kila mwisho, na kilichopinda kama upinde. Kwa kielelezo cha ofisi, ile ya kona za nyuzi 90, ambayo Draw huiita `Standard Connector`, ndiyo inayosomeka vizuri, kwa sababu jicho hufuata mistari ya wima na ya mlalo bila kuchanganya mstari mmoja na mwingine. Mchoraji akishakichagua kifaa hicho na kupitisha kipanya juu ya umbo, vialama vidogo hujitokeza kwenye kingo zake: hizo ndizo nukta za kushikia, ambazo Draw huziita `Glue Points`. Mchoraji hubonyeza katika nukta ya umbo la kwanza, huvuta bila kuachia, na huachia juu ya umbo la pili.

Anapoachia ndipo uamuzi uliotajwa awali unapofanyika, pengine bila yeye kujua. Akiachia juu ya nukta mojawapo, kiunganishi hufungwa hapo na hakitahama nukta hiyo hata umbo likipelekwa upande wa pili wa ukurasa. Akiachia katikati ya umbo, mbali na nukta, kiunganishi hushika umbo zima na programu hujichagulia upande wa kuingilia, na huubadilisha kila umbo linaposogea ili njia ibaki fupi. Hakuna iliyo bora kwa kila mahali. Kwa hatua zinazofuatana wima, kama vile kutoka taarifa ya mkulima hadi taarifa ya kijiji, kushika umbo zima kunafaa zaidi, kwa sababu kama mchoraji ataamua baadaye kuihamishia hatua inayofuata upande wa kulia ili kubana nafasi, mshale utatoka wenyewe ubavuni badala ya kutokea chini na kuzunguka. Kwa almasi, mambo ni kinyume. Msomaji anapofika penye swali la mita 500 huhitaji kukuta jibu la ndiyo likitoka daima upande mmoja na jibu la hapana upande mwingine, na kama viunganishi vimeachwa vijichagulie, marekebisho madogo yanaweza kuyafanya majibu mawili yatoke katika kona moja na kulaliana. Kwa hiyo migawanyiko yote ya kielelezo hiki ifungwe kwenye nukta: njia inayoendelea na malipo itokee kona ya chini, na njia inayotoka nje ya mstari mkuu itokee kona ya kulia.

Jambo hilo linadai maswali yaandikwe kwa uangalifu ili jibu linaloendeleza mchakato liwe moja kila mara. Almasi ya kwanza ikiuliza kama shamba liko zaidi ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi, ndiyo hushuka chini na hapana huenda kulia, kwenye kisanduku kinachosema kwamba mkulima anajulishwa sababu ya kutolipwa. Almasi ya pili ikiuliza kama eneo lililoharibiwa ni ekari 5 au pungufu, ndiyo hushuka tena na hapana huenda kulia hadi mstatili unaosema kwamba zinahesabiwa ekari 5 tu, kisha njia hiyo hurudi kuungana na mstari mkuu katika hatua ya kukokotoa malipo. Almasi ya tatu, inayouliza kama fomu imekamilika, nayo hushusha ndiyo kuelekea kwa Mkurugenzi. Maneno Ndiyo na Hapana yaandikwe juu ya kiunganishi chenyewe, kwa kukibofya mara mbili na kuchapa, ili nayo yasibaki yakielea mstari unapohama.

Njia ya kurudi ndiyo inayowapa wachoraji taabu kubwa. Fomu isiyokamilika inapaswa kurudi kwa afisa wanyamapori, hatua kadhaa juu, na kiunganishi chake hutoka kona ya kulia ya almasi ya tatu na kupanda pembeni mwa mchoro mzima. Mbele yake kuna visanduku viwili vya njia za hapana, na kiunganishi kikiachwa kijitafutie njia kinaweza kupita juu yake, kwa sababu programu hutazama maumbo mawili inayoyaunganisha na haizingatii yale yaliyo katikati. Mchoraji hukibofya kiunganishi, hushika kile kishikio kidogo kinachotokea katikati ya kipande cha wima, na kukivuta kulia hadi kipite nje ya visanduku vyote. Panapokuwa na nafasi upande wa kushoto, ni afadhali njia ya kurudi ipitishwe huko, kwa kufunga mwanzo wake kwenye kona ya kushoto ya almasi na mwisho wake kwenye ubavu wa kushoto wa mstatili wa ukaguzi, ili upande wa kulia ubaki wa njia za hapana na upande wa kushoto wa marejeo. Kanuni ya kona ya kulia inavunjika hapo kidogo, kwa kuwa hapana ya almasi hii moja hutoka kushoto, lakini msomaji huelewa haraka kwamba kila kinachopanda kushoto kinarudi nyuma, na maana hiyo ina thamani kuliko usawa wa picha.

Mstatili wa ukaguzi unaweza kuhitaji kupokea mishale miwili ubavuni humohumo, kwa mfano kama taarifa za mkulima aliyekata rufaa nazo zinaishia hapo. Nukta za kawaida ni moja kwa kila ubavu, na mishale miwili ikiingia katika nukta moja huonekana kama mmoja. Kwa hali hiyo Draw huruhusu kuongeza nukta: umbo huchaguliwa, hufunguliwa `Edit > Glue Points`, na kutoka upau unaojitokeza huchaguliwa `Insert Glue Point`, kisha mchoraji hubofya ndani ya umbo mahali anapotaka. Katika upau huohuo huwekwa upande ambao kiunganishi kitatokea, na huwashwa `Glue Point Relative`, ambayo huifanya nukta ibaki katika uwiano wake umbo likikuzwa au kupunguzwa. Bila hiyo, mstatili ukipanuliwa ili maandishi yaenee, nukta inaweza kubaki mahali ilipokuwa na kujikuta ndani ya umbo badala ya ukingoni. Nukta za ziada zitumike pale tu panapodai, kwa kuwa mtu mwingine atakayelirithi faili hataziona mpaka azitafute.

Thamani ya kazi yote hiyo hupimwa siku ya marekebisho. Ikichukuliwa kwamba halmashauri imeamua taarifa ya kijiji ipite kwanza kwa Mtendaji wa Kata kabla ya kufika kwa afisa wanyamapori, mchoraji anahitaji kuingiza kisanduku kimoja kati ya hatua ya tatu na ya nne. Huanza kwa kutengeneza nafasi: huburuta kipanya kuzungushia maumbo yote kuanzia ukaguzi hadi malipo, kisha huyashusha kwa pamoja kwa funguo za mishale za kibodi. Draw huchagua kile tu kilichomo chote ndani ya eneo lililozungushiwa, kwa hiyo kiunganishi kinachotoka hatua ya tatu hakimo, lakini hilo halimsumbui mtu, maana mwisho wake umeshika mstatili wa ukaguzi nao hunyooka kufuatana na mstatili. Kisha kisanduku kipya huchorwa katika pengo. Ncha ya kiunganishi cha zamani huvutwa kutoka ukaguzi na kuachiwa juu ya kisanduku kipya, na kiunganishi kipya huchorwa kutoka kisanduku kipya hadi ukaguzi. Njia ya kurudi, iliyo mbali upande wa kushoto, imekwisha kushuka pamoja na mstatili wake bila kuguswa na mkono wa mtu.

Kinachoweza kuharibika katika marekebisho hayo ni kipande kilichovutwa kwa mkono. Kiunganishi kilichosogezwa kipande chake cha wima hukumbuka umbali wa kusogezwa, na maumbo yakihama sana, umbali huo hukifanya kipinde ovyo au kitokeze nje ya ukurasa. Kukivuta tena kwa mkono huongeza mchafuko; njia nyepesi ni kukibofya kwa kitufe cha kulia, kufungua `Connector`, kurudisha thamani za `Line Skew` kuwa sifuri, na kuanza upya. Vilevile kufuta umbo na kuchora jingine mahali pake huviacha viunganishi vyake vikining'inia, kwa sababu umbo jipya, hata likikaa palepale, lina utambulisho mwingine ndani ya faili. Kama ni maneno yanayobadilika, yabadilishwe maneno ndani ya umbo lililopo.

Kiunganishi kinachoning'inia hakijulikani kwa kukitazama tu, hasa gridi ikiwa imewashwa, kwa kuwa ncha huvutwa hadi kwenye nukta ya gridi iliyo ukingoni mwa umbo na kuonekana kama iliyoshika. Kipimo cha kuaminika ni kulitikisa kila umbo: hubofywa, husogezwa kwa funguo za mishale mara tatu au nne upande mmoja, na macho huangalia kama mistari yake yote inafuata; kisha `Ctrl+Z` hurudisha kila kitu. Katika kielelezo cha maumbo kumi na matatu kama hiki, zoezi hilo halizidi dakika chache, na linapaswa kufanywa kabla ya kila uchapaji.

Ofisi nyingi za halmashauri hutumia Microsoft Word kwa kila kitu, na mchoraji aliyejaribu huko hulalamika kwamba viunganishi havishiki. Malalamiko hayo yana msingi. Katika Word, maumbo yaliyowekwa moja kwa moja juu ya ukurasa hayashikwi na viunganishi. Ni lazima kwanza itengenezwe turubai ya kuchorea kwa `Insert > Shapes > New Drawing Canvas`, na maumbo pamoja na mistari vichorwe ndani yake. PowerPoint haina sharti hilo na ni mahali pazuri zaidi pa kuchorea kwa mtu asiye na Draw. Humo, ncha ya mstari iliyoshika huonyesha kiduara cha kijani mstari unapochaguliwa, na isiyoshika huonyesha kiduara cheupe, nayo ni alama bora kuliko kutikisa. PowerPoint pia ina uwezo wa kubadilisha umbo bila kulifuta, kwa `Edit Shape > Change Shape`, hivyo mstatili hugeuzwa almasi na mishale yake ikabaki imeshika. Kielelezo kinachopaswa kuwekwa ndani ya barua au taarifa ya Word basi kichorwe kwingine, kiingizwe kama picha, na faili la asili lihifadhiwe. Kunakili maumbo yenyewe kutoka programu moja hadi nyingine kunaweza kuviacha viunganishi vikiwa mistari mitupu.

Printa ya ofisi ya kijiji au ya kata kwa kawaida huchapa kwa rangi nyeusi tu, kwa hiyo rangi isipewe kazi ya kubeba maana: kijani cha njia ya malipo na chekundu cha njia ya kukataliwa hutoka vyote kama kijivu kilekile, na kinachobaki kumwongoza msomaji ni maneno Ndiyo na Hapana pamoja na umbo la kisanduku. Jina la ofisi ndani ya visanduku liwe la cheo, wala si la mtu wala la jengo, kwa kuwa mchoro mmoja unaweza kutumiwa na Halmashauri ya Wilaya ya Serengeti na ile ya Tarime, na afisa aliyehamishwa mwezi uliopita bado anatafutwa kwa jina na wakulima waliolisoma ukutani. Pembeni chini iandikwe tarehe ya toleo, ndani ya umbo dogo lisilo na kiunganishi. Nakala ya PDF ipelekwe kwenye vijiji kwa ajili ya kuchapwa, na faili la Draw lenye mwisho wa jina `.odg` libaki katika kompyuta ya halmashauri na katika kifaa kingine cha kuhifadhia, kwa sababu ndani ya PDF viunganishi vimekwisha kuwa mistari ya kawaida, na anayebakiwa na PDF peke yake atalazimika kuuchora mchakato mzima upya kanuni itakapobadilika.